Chuma hukubali mkaa, alumini hukataa

Je, wajua kwa nini wahunzi wa zamani walitoa chuma kwenye mawe kwa mkaa tu, lakini hawakuweza kutoa alumini, ilhali udongo umejaa alumini kuliko chuma?

Ndani ya jiwe, chuma kimeshikana na oksijeni. Kukitoa ni kumpa oksijeni mwenzi mwingine anayemshika kwa nguvu zaidi, na mwenzi huyo ni kaboni ya mkaa. Ila nguvu ya kushika haibaki ile ile: hubadilika kadiri joto linavyopanda, na hapo ndipo siri yote ilipo.

Mwaka 1944 mkemia Mwingereza Harold Ellingham alichora mabadiliko hayo. Katika mchoro wake, joto limepangwa kwenye mstari wa chini, likipanda kwenda kulia. Wima kuna badiliko la nishati huru, yaani kipimo cha nguvu ya kushika, kila elementi inapochukua kiasi kile kile cha oksijeni, yaani moli moja. Mstari ulio chini zaidi ndio wa oksidi iliyo imara zaidi, na elementi yake inaweza kuinyang'anya oksijeni ile iliyo juu yake.

Karibu mistari yote ya metali hupanda. Oksijeni ni gesi, inazurura huru. Ikifungwa ndani ya oksidi ngumu hupoteza uhuru huo, na kadiri joto linavyozidi, ndivyo hasara hiyo inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo oksidi za metali hudhoofika zikipata moto. Kaboni inakwenda kinyume. Inapoungua kuwa kaboni monoksidi, moli moja ya gesi huzaa moli mbili:

2C + O₂ → 2CO

Gesi imeongezeka badala ya kupungua, kwa hiyo mstari wa kaboni huteremka. Mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka: lazima ikutane mahali fulani.

Tuchukue oksidi ya chuma, FeO. Katika nyuzi 500 za Selsiasi, chuma kiko kwenye kilojuli −430 hivi, kaboni kwenye −360. Chuma kiko chini, hakiachii. Pasha hadi nyuzi 1,000: chuma kimepanda hadi karibu −365, kaboni imeshuka hadi karibu −445. Sasa kaboni ndiyo iliyo chini, na oksijeni inahamia kwake. Mistari hiyo miwili hukatana kwenye nyuzi 730 hivi, joto ambalo tanuri la udongo na mivukuto hulipita bila shida.

Wahaya wa Kagera walifanya hivyo kwa karne nyingi. Tazama vizuri, maana chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na hawakuhitaji kufika huko. Oksijeni iling'olewa chuma kikiwa kigumu, kikabaki bonge lenye matundu, la kufuliwa kwa nyundo. Kazi kubwa ilifanywa na gesi ya kaboni monoksidi iliyopenya kwenye mawe, kwa kuwa kipande cha mkaa hugusa jiwe sehemu chache tu. Gesi hiyo ikipungua, FeO haigeuki chuma. Inaungana na mchanga wa ndani ya jiwe na kuwa mavi ya chuma. Ukiokota mavi ya chuma meusi na mazito kwenye kiwanja cha zamani, umeshika chuma ambacho mkaa haukukifikia. Mchoro unasema jambo gani linawezekana, hausemi litafanyika upesi kiasi gani wala kama gesi itafika.

Sasa njoo kwenye sufuria yako ya alumini. Katika nyuzi zile zile 1,000, alumini iko kwenye kilojuli −850 hivi. Kaboni iko −445. Pengo ni kubwa mno, na mistari haikutani hadi kwenye nyuzi 2,000 hivi. Hata ukifika huko, balaa jingine linakungoja: alumini hushikana na kaboni yenyewe kuwa kabidi, Al₄C₃, na sehemu yake hugeuka mvuke ambao ukipoa huchukua tena oksijeni kutoka kwenye kaboni monoksidi. Unabaki na mchanganyiko, si metali.

Ndiyo maana alumini ilisubiri umeme. Mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waliyeyusha oksidi yake ndani ya madini ya kriolaiti yaliyoyeyushwa kwa moto na kupitisha mkondo. Viwanda vya leo vinafanya hivyo kwenye nyuzi 960 hivi. Kaboni bado imo: vipande vyake vinavyopitisha mkondo huungua na kutoa hasa kaboni dioksidi, CO₂. Kwa joto hilo, pengo kati ya alumini na kaboni inayoungua hivyo ni kilojuli 460 hivi kwa kila moli ya oksijeni. Ukiligawa kwa elektroni nne zinazohama, unapata volti 1.2 hivi, na hicho ndicho kiasi cha chini kabisa ambacho umeme lazima uongeze. Kiutendaji tanuri huhitaji volti 4 hivi, kwa sababu sehemu kubwa huishia kuwa joto.