Kueleza mtindo wa picha bila kubeba chapa ya mtu

Kueleza mtindo wa picha ya mshindani ni kutaja namna ilivyopigwa: mwanga umetoka wapi, kamera ilikuwa kimo gani, nyuma ya bidhaa kuna nini. Chapa ni jambo jingine. Hizo ni alama zinazomfanya mnunuzi amtambue mwenye mali hata kabla hajasoma jina.

Mama mmoja anayekamua alizeti Kibaigwa alininyooshea simu yake: "Mwanangu, nipigie kama hii." Lilikuwa tangazo la mafuta ya kampuni nyingine. Nikamuuliza amependa nini. "Yanang'aa, halafu ni ya kifahari."

"Kifahari" haimsaidii mpiga picha, maana ni hukumu ya mtazamaji. "Yanang'aa" ndilo neno la kufuatilia, nasi tukalifuatilia kwenye kivuli. Kivuli cha chupa kilikuja upande wetu, basi mwanga mkuu ulikuwa nyuma, ukipenya ndani ya mafuta. Kingo zake zilififia taratibu, kwa hiyo mwanga ulitoka eneo pana, mfano wa dirisha lenye pazia jeupe. Jua la Dodoma la saa saba mchana lingechora kingo kali. Na lebo ilisomeka, kumaanisha mbele paliwekwa kitu cheupe cha kurudisha mwanga.

Nikaandika: "Chupa moja, imesimama katikati. Kamera iko usawa wa katikati ya chupa. Mwanga laini kutoka nyuma kushoto, mbele kuna kirudisha mwanga. Nyuma ni rangi moja, hakuna kitu kingine."

Sikuandika ukuta wa njano, kizibo chekundu wala maua matatu ya alizeti upande wa kushoto. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanafuta jina la kampuni, kisha wanaorodhesha rangi na mapambo yote kwa maneno yasiyo na jina, na picha inayotoka ni ileile. Mimi humsomea maelezo mtu ambaye hajaiona picha. Akitaja kampuni, chapa bado imo, narudi kufuta.

Mwanga wa nyuma hauna mwenyewe. Picha yenyewe inayo hakimiliki chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, na alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa hiyo kukata kipande cha tangazo lao na kukibandika kwenye lako si kueleza mtindo tena.

Kwa mama tulitumia dirisha la sebuleni kwake, ukuta wa rangi ya udongo, na ungo wenye mbegu alizozivuna mwenyewe. Picha ya kwanza mafuta yaling'aa lakini lebo ikatoka nyeusi. Tukaisogeza karatasi nyeupe ya manila, iliyokuwa kirudisha mwanga chetu, hadi ikabaki shubiri moja kutoka kwenye chupa, nje kidogo ya fremu, na maandishi yakasomeka.