Kufuta mshipi unaoshikilia mkanda wa kiondo

Kiondo chenye mkanda wa ngozi ukikiweka mezani, mkanda unalala ubavuni, na mteja anayepitia katalogi hawezi kujua ni mrefu kiasi gani. Ndiyo maana tunaunyanyua kwa mshipi wa nailoni uliofungwa kwenye fimbo juu, nje ya picha, kisha mshipi unafutwa kwenye Photoshop. Wengi hudhani kazi iko kwenye ule mstari mrefu unaokatiza ukuta mweupe. Kazi yenyewe iko pale mshipi ulipozunguka ngozi.

Ukuta naumaliza nikiwa bado studio. Nikishapata picha niliyoitaka, nakata mshipi, mkanda unaanguka, napiga nyingine bila kugusa kamera wala taa. Kiondo sikiondoi, maana kukiondoa kunabadilisha mwanga unaorudi ukutani. Picha hii ya pili inakaa leya ya chini; ile ya kwanza naiwekea maski na kupaka nyeusi juu ya mshipi, na ukuta halisi unajitokeza wenyewe.

Kwenye ngozi hali ni nyingine. Mkanda wa mviringo una mng'ao unaokimbia kwa urefu wake, na pembeni mshono. Nafungua leya tupu, nachukua `Clone Stamp`, na kwenye `Sample` nachagua `Current & Below`. Nabonyeza `Alt` na kuchota ngozi iliyo kando ya mshipi, nikiufuata mkanda kwa urefu, kamwe si kwa upana, ili mng'ao uangukie mng'ao. Mahali salama pa kuanzia ni tundu la sindano: chota juu ya tundu moja, gonga juu ya jingine, na mshono wote unakaa sawa. Usisahau kivuli cha mshipi, kistari chembamba cheusi kando yake. Kikibaki, jicho linaona mfuo kwenye ngozi.

`Healing Brush` siitumii karibu na ukingo. Inachanganya rangi za jirani, kwa hiyo kahawia ya ngozi inavujia kwenye weupe kama ukungu. Nachora ukingo kwa `Pen`, naugeuza kuwa uteuzi, ndipo nagonga ndani yake.

Kuna dosari moja ambayo kufuta hakuiondoi. Mshipi mmoja huvuta ngozi hadi inafanya kichongo, na mshipi ukishatoweka, mkanda unaonekana umevutwa na kitu kisichoonekana. Kichongo kidogo nakishusha kwa `Warp`. Lakini dawa yake hasa ni kufunga mishipi miwili, iliyoachana sentimita kadhaa, kabla ya kupiga.

Mwisho naweka leya ya `Curves` juu ya zote na kuvuta ncha ya weusi kulia kabisa, karibu na weupe. Mabaka ambayo kioo cha kompyuta kilikuwa kinayaficha yanajitokeza papo hapo. Nikishayasafisha, leya hiyo naifuta, ndipo nahifadhi faili.