Kaggle bila kukopi notibuku, inawezekanaje?

Hivi mtu anayejifunza mwenyewe atatokaje na ujuzi wa kweli kwenye mashindano ya kutabiri ya tovuti ya Kaggle bila kukopi notibuku za wenzake, yaani kodi walizoziweka wazi?

Kwa kuanza na kanuni ya kijinga kabisa, alafu kila unapoibadilisha unaandika kwanza unadhani itapanda au itashuka na kwa nini, ndo unajaribu.

Tuchukue lile shindano la Titanic la Kaggle, utabiri nani alipona. `train.csv` ina abiria 891, `test.csv` ina 418 ambao majibu yao yamefichwa. Anza na hii:

```python
import pandas as pd
train = pd.read_csv("train.csv")
train.groupby("Sex")["Survived"].mean()
```

Utaona wanawake walipona karibu asilimia 74, wanaume kama 19. Basi sema tu wanawake wote walipona na wanaume wote walikufa, hapo hapo unapatia abiria 701 kati ya 891, bila modeli yoyote. Wengi wanaruka hapa wanakimbilia kukopi modeli kubwa, manake hawajui hata hicho kimstari kimoja kimeshawapa kiasi gani.

Sasa dhana: watoto wa kiume nao si waliokolewa pamoja na mama zao? Kwenye safu ya `Name` wavulana wadogo wameandikwa "Master.", wako 40. Andika makisio yako, alafu hesabu. Walipona 23, wakafa 17, yaani ukiwahamisha wote upande wa waliopona unapata faida ya watu 6 tu, inavunja moyo eeh. Ila utamu uko hapo hapo, usikimbie, waangalie wale 17 ni kina nani. Wote ni daraja la tatu! Daraja la kwanza na la pili wavulana walikuwa 12 na wote walipona, kwa hiyo ukihamisha hao 12 peke yao unafika 713. Hiyo kanuni umeitoa kwenye makosa yako mwenyewe, na ukiulizwa imetoka wapi unaweza kueleza.

Lakini 12 ni wachache, na umeipimia kwenye data ile ile uliyoitolea. Kwa hiyo gawa `train.csv` mafungu 5, tunga kanuni kwa manne, pima kwa la tano, zungusha. Skoa ya Kaggle usiitegemee sana, kwenye watu 418 mtu mmoja ni karibu robo ya asilimia, so ukipanda kwa watu watatu wanne inaweza kuwa bahati tu. (Na wale wenye skoa ya 1.0, yaani waliopatia wote, wala wasikutishe, majina ya waliopona yanajulikana kihistoria, mtu anayajaza tu.)

Notibuku za watu zisome ukishakwama na una swali moja mkononi, mfano "wale wavulana wa daraja la tatu waliopona 11, huyu kawatofautishaje na waliokufa?" Ukipata jibu, ifunge, andika kodi yako bila kuchungulia, pima kwenye mafungu yako. Mara nyingi utakuta ile mbinu kwako haiongezi kitu, itupe.