Mwache mbwa ashinde kamba

Wiki iliyopita baba mmoja wa Njiro alinipigia simu kwa hasira. "Mwalimu, huo mchezo wako wa kuvutana kamba umeniharibia mbwa. Nilishaambiwa, mbwa akikushinda anajiona yeye ndiye mwenye nyumba." Maneno hayo nimeyasikia Sakina, nimeyasikia Usa River, na yamenichosha, maana yanawafanya watu wamnyang'anye mbwa kamba kwa nguvu kila wanapocheza. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Jambo lenyewe lilishapimwa. Mwaka 2002 Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton walieleza jaribio la kuvutana kamba na mbwa 14 aina ya golden retriva, ambao kuna nyakati waliachwa washinde na nyakati nyingine washindwe. Kushinda hakukuwafanya wababe. Wale wapenda mchezo, wakishashinda, walizidi kuomba mchezo, basi. Nami ndivyo ninavyoona: ukiiachia kamba, mbwa anayecheza anakurudishia na kukusukumia magotini. Yule anayekimbilia nayo chini ya gari na kukakamaa ukimsogelea ana tatizo la kulinda vitu. Huyo simchezeshi kamba mpaka ajifunze kubadilishana, aachie kitu apewe kingine.

Nilikwenda Njiro. Mbwa wake, Simba, ana miezi 14, anashinda bandani mchana kutwa na kufunguliwa jioni. Watoto walikuwa wakivutana naye kwa kanga kuukuu, wakikimbia na kupiga kelele, karibu nusu saa mfululizo. Meno yalipanda kwenye kanga kidogo kidogo hadi yakafika kwenye mkono wa shati la kijana. Mchezo ule haukuwa na breki.

Nilisuka kamba kwa vipande vya jinzi ya mtumba, ndefu kama mkono wangu, ili vidole vikae mbali na mdomo. Nikasema "Shika," nikavuta chini chini, kulia na kushoto, kwa hesabu ya kumi. Usivute kwenda juu, shingo yake itaumia. Kisha nikaubana mkono pajani, kamba ikatulia kabisa. Watu wengi hukosea hapa: wanasema "Achia" huku wanavuta, na kwa mbwa, ukivuta hata kidogo, mchezo bado unaendelea. Nikasubiri. Mara ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima. Angeng'ang'ania zaidi, ningemwekea kipande cha ini puani. Alipofungua mdomo nikasema "Achia," na papo hapo, "Shika!" tukaanza tena.

Hiyo "Shika" ya pili ndiyo watu hawataki kuielewa. Zawadi ya kuachia ni kamba yenyewe. Ukiichukua na kuificha juu ya kabati, umemfundisha kwamba kuachia ni kupoteza, na kesho atauma kama koleo. Tulipofika mara ya tano Simba aliachia ndani ya sekunde tatu, na hapo ndipo nilipoanza kutamka "Achia" kabla ya kutuliza mkono.

Meno yakigusa ngozi au nguo, hata kwa bahati mbaya, dondosha kamba, toka nje ya geti, kaa nusu dakika. Usimfokee, kelele zinamwongezea mzuka. Mzuka ukipanda utauona: anakataa ini, macho yanatanuka weusi, na "Kaa" anayoijua vizuri haisikii tena. Hapo usisubiri hesabu ya kumi. Tawanya vipande vya ini kwenye nyasi, kunusa kunamshusha. Kunguruma peke yake hakunitishi mwili ukiwa umelegea, ingawa nakiri sauti imeshanidanganya zaidi ya mara moja, kwa hiyo siku hizi natazama mwili kwanza.

Kwenye kurusha mpira, nilikuwa nikiwaambia watu wamchoshe mbwa kwa mirusho mingi. Nilikosea: walipata mbwa mwenye pumzi zaidi na utulivu kidogo. Sasa nasema mirusho sita, uviringishe chini ili asiruke na kutua vibaya, na uwe na mipira miwili: akidondosha wa kwanza, ndipo unarusha wa pili. Acha angali anautaka. Mawe yanavunja meno, na vijiti vinachoma koo. Walioko Moshi wacheze kabla ya saa mbili asubuhi, jua halijawa kali.

Mwishoni nilimpa baba yule kamba. Akavuta, akahesabu kumi, akasema "Achia." Simba akaachia. Nikamwambia awamu inayofuata aachie yeye. Alisita, kisha akaiachia. Simba akazunguka mparachichi mara moja, akarudi, akaiweka kamba juu ya kiatu chake.