Taa za LED kiwandani: dhana nne zinazopotosha hesabu

Dhana: Taa ya wati 400 inakula wati 400.

Hapana. Taa za metali halaidi zinazoning'inia kwenye mapaa ya viwanda vingi huwaka kwa msaada wa balasti, ile mafundi wanayoiita choki, nayo hula takribani wati 50 zake. Kila taa, basi, inavuta wati 450. Anayesahau choki anajipunja akiba kabla hajaanza hesabu.

Dhana: LED ni ghali.

Ni ghali dukani. Chukua ghala lenye taa 40 zinazowaka saa 16 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 4,800. Ukiweka LED za wati 150, kila taa inaokoa wati 300, na zote pamoja zinaokoa uniti 57,600 kwa mwaka. Tuseme uniti moja ni shilingi 200: hizo ni shilingi 11,520,000. Ikiwa taa na ufungaji vimegharimu 15,000,000, fedha inarudi kwa miezi kama 16. (Weka bei zako halisi kutoka kwenye bili, mpangilio wa hesabu haubadiliki.)

Kisha kuna matengenezo, ambayo wengi hawayaandiki popote. Balbu ya metali halaidi hudumu kama saa 15,000, kwa hiyo hapa itabadilishwa kila baada ya miaka mitatu, mara tatu ndani ya miaka kumi. Balbu, fundi na jukwaa la kupandia vikifika shilingi 80,000 kwa taa, jumla ni 9,600,000, bila kuhesabu mashine iliyosimamishwa ili fundi apande juu yake.

Dhana: Saa 50,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni uhakika.

Namba hiyo, inayoandikwa L70, inasema mwanga utakuwa umeshuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Haisemi lolote kuhusu draiva, kile kifaa kinachoipa LED umeme unaoifaa, na draiva ndiyo mara nyingi hufa kwanza. Chini ya bati linalopigwa na jua, kapasita zake hukauka mapema. Kila nyuzi 10 za joto linalozidi hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Taa ikianza kupepesa ilhali vidude vyake vya mwanga vizima, mshuku draiva. Soma kiwango cha joto kwenye lebo, nunua taa ambayo draiva yake hubadilishwa peke yake, na tenga fedha ya kuibadilisha mara moja.

Dhana: Unaweza kuchomoa balbu ya zamani na kufunga ya LED kwenye holda ileile.

Hili ndilo linaloua taa mpya nyingi. Ignita ya zamani hutoa mshtuko wa maelfu ya volti ili kuwasha gesi. LED haihitaji mshtuko huo, na draiva yake huungua. Zima saketi, pima kuhakikisha hakuna umeme, ondoa choki, ignita na kapasita, kisha peleka laini na nyutro moja kwa moja kwenye holda. Bandika lebo kwenye taa isemayo choki imeondolewa, ili fundi wa zamu ijayo asirudishe balbu ya zamani.