Barua ya kuitwa kwenye usaili: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Saa ikishaandikwa, kila msailiwa ataielewa.

Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu alfajiri, ilhali simu na kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, na kosa huingia pale katibu muhtasi anapoinakili 8:30 ya kompyuta kwenye barua ya Kiswahili kama ilivyo. Hapa Tabora nilimwona kijana aliyetoka Urambo akiingia ofisini saa nane na robo mchana, shati limepigwa pasi na bahasha ya kaki iko mkononi, huku jopo likiwa limetawanyika tangu saa sita. Barua yake ilisema "saa 8:30", bila neno asubuhi wala mchana, na kwa hesabu yake alikuwa amewahi kwa robo saa. Kosa lilikuwa la ofisi, lakini aliyelipa nauli ni yeye.

Sentensi isiyoacha shaka ni hii: "Usaili utafanyika siku ya Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, saa 2:30 (saa mbili na nusu) asubuhi." Siku ya juma huihakiki tarehe, kwa sababu zisipolingana msailiwa atapiga simu kuuliza kabla hajasafiri, maneno nayo huihakiki tarakimu. Kwa wanaotoka Kaliua au Sikonge, mimi huona ni haki kuwapangia saa nne, kwani saa mbili na nusu huwalazimu kulala mjini, na kwa kawaida msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi.

Dhana: "Uje na vyeti" inatosha.

Aliyeambiwa hivyo huleta nakala na kuviacha vyeti halisi nyumbani ili visipotee, au huleta hati ya matokeo ya kidato cha nne akiamini ni cheti, ilhali katika usaili wa utumishi wa umma hati hiyo haikubaliwi. Kwa hiyo barua ivitaje kimoja kimoja: cheti halisi cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha taaluma, pamoja na kitambulisho chenye picha, kama vile cha taifa, cha mpigakura au leseni ya udereva. Iseme pia kwamba vyeti halisi vitakaguliwa na kurudishwa papo hapo. Ambaye majina yake yanatofautiana na ya kwenye vyeti aelezwe mapema alete hati ya kisheria ya kubadili jina, maana hati hiyo haipatikani asubuhi ya usaili.

Dhana: Akifika getini ataelekezwa.

Mlinzi huelekeza kwa kadiri alivyoelezwa. Barua itaje jengo, ghorofa na chumba, kisha jina na cheo cha mwenyeji, kwa mfano: "Ukifika mapokezi, muulize Afisa Utumishi, chumba namba 6," jina lake likitangulia cheo. Nakala ya orodha ya wasailiwa ikabidhiwe mlinzi jioni ya kuamkia usaili, pamoja na jina la atakayempokea mgeni endapo afisa huyo yumo ndani ya jopo.