Siku ngumu zisikaribiane: maswali ya wakimbiaji waliovuka miaka 60

Nina miaka 64. Tangu nikiwa na 50 ratiba yangu ni ileile: Jumanne vipande, yaani mbio fupi kali zenye mapumziko katikati, Alhamisi mbio ya kasi, Jumamosi mbio ndefu. Kilomita 10 nilikuwa namaliza kwa dakika 46, sasa ni 52, na shavu la mguu wa kulia limechanika mara mbili mwaka huu. Niachane na mazoezi ya kasi?

Kasi usiiache, mzee wetu. Kinachokuumiza ni zile saa 48 kati ya Jumanne na Alhamisi.

Mazoezi makali huacha michubuko midogo ndani ya misuli, na mguu hupata nguvu wakati wa kuikarabati. Kijana wa miaka 30 huwa tayari baada ya siku mbili. Baada ya 60 ukarabati huo huchelewa, kwa sababu misuli haiitikii tena mazoezi na chakula kwa wepesi wa zamani. Mtu wa umri wako huhitaji saa 72, na mara nyingi 96. Kano, ambazo hupata damu kidogo kuliko misuli, ni nzito zaidi kupona. Ukirudi uwanjani siku ya Alhamisi unaanza kubomoa kabla fundi hajamaliza kujenga, na baada ya wiki kadhaa sehemu dhaifu kuliko zote huchanika.

Kwa wakimbiaji wa umri huu sehemu hiyo huwa shavu la mguu au kano ya kisigino, na haitokei kwa bahati mbaya. Ukihesabu hatua zako kwa dakika utakuta hazijapungua sana. Kilichopungua ni urefu wa kila hatua, kwa kuwa shavu la mguu halisukumi ardhi kama zamani. Kwa hiyo msuli uleule unaokupotezea kasi ndio unaochelewa kupona. Ukiamua kukimbia polepole tu, nyuzi za misuli zinazotoa nguvu ya ghafla hazitaitwa kazini kabisa, nazo ndizo zinazonyauka mapema uzeeni. Dawa ni kuzifanyisha kazi, halafu kuziacha zipone hadi mwisho.

Sasa nitapangaje? Wiki ina siku saba tu.

Wiki ni ya kalenda, mguu haujui Jumanne wala Jumamosi. Panga mzunguko wa siku 10. Mazoezi matatu magumu katika siku 7 yalikupa kama 13 kwa mwezi. Matatu katika siku 10 yanakupa 9. Unapoteza manne, lakini tisa hayo unayafanya ukiwa na miguu yenye uhai. Kwa mtu wa dakika 52, yaani dakika 5 na sekunde 12 kwa kilomita, mpango wenyewe ni huu:

- Siku ya 1: vipande 6 vya mita 400, kila kimoja kwa dakika 2 kamili, na katikati dakika 2 za kutembea au kujikokota.
- Siku ya 2: pumzika, au tembea nusu saa.
- Siku ya 3 na ya 4: dakika 40 nyepesi kila siku.
- Siku ya 5: dakika 8 mara tatu, kwa dakika 5 na sekunde 25 kwa kilomita, ukijikokota dakika 2 katikati.
- Siku ya 6: pumzika.
- Siku ya 7: dakika 40 nyepesi.
- Siku ya 8: mbio ndefu, dakika 80 hadi 90, isiyozidi kasi ya dakika 6 na nusu kwa kilomita.
- Siku ya 9: pumzika.
- Siku ya 10: dakika 30 nyepesi, kisha mikimbio 4 ya mita 80, ukiongeza kasi taratibu bila kufikia nguvu zote.

Nafasi ndefu kuliko zote inafuata vipande, kwa kuwa ndivyo vinavyolibana shavu la mguu zaidi. Usiijaze kwa kuwa Siku ya 4 umejisikia vizuri. Kujisikia vizuri Siku ya 4 ndiyo dalili kwamba mpango unafanya kazi.

Kosa la kwanza tunaloliona ni siku nyepesi kugeuka nusu ngumu, hasa kwa wanaokimbia na klabu ya jogingi: vijana wanavuta, mzee hataki kuachwa. Siku nyepesi uweze kusimulia habari ndefu bila kukatika pumzi. Ukishindwa, kimbia peke yako siku hiyo. Kosa la pili ni kuongeza vipande vifike 10 au 12 kwa sababu sita vimekuwa rahisi. Kaa kwenye sita kwa mizunguko mitatu, kisha ongeza kimoja tu. Na kwa kuwa shavu lako limeshachanika, usianze Siku ya 1 kabla hujaweza kukimbia dakika 30 nyepesi na kujiinua kwa vidole vya mguu huo mmoja mara 20 bila maumivu.

Nitajuaje asubuhi ya siku ngumu kwamba mguu uko tayari? Wakati mwingine najisikia mzima, nikianza tu mguu unakuwa mzito.

Shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, jiinue kwa vidole na ushuke taratibu mara 15, kisha ubadilishe mguu. Fanya hivyo kila asubuhi ya siku ngumu ili ujue hali yako ya kawaida. Mguu mmoja ukichoka mapema kuliko siku zote, au pakiwa na mchomo juu ya kisigino, sogeza mazoezi kesho. Mzunguko wa siku 10 ukawa wa 11, hakuna kilichoharibika.

Pima pia mapigo ya moyo kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo 5 hadi 7 asubuhi mbili mfululizo, mwili haujapona, au kuna homa inanyemelea.

Kipimo cha mwisho ni vipande vyenyewe. Ukitumia nguvu ya kawaida na viwili vya kwanza vikachelewa kwa sekunde 4 au 5, simama, vaa sweta, rudi nyumbani. Vinne vilivyobaki havitakuongezea chochote ila uchovu.

Mguu mzito mwanzoni huenda ni baridi tu. Ukitoka alfajiri, tembea haraka dakika 10, kimbia polepole dakika 15, kisha mikimbio 4 ya mita 80, kila mmoja ukiwa na kasi kidogo kuliko uliotangulia. Kano ya mtu mzima huamka imekakamaa. Viatu vyepesi vyenye kisigino kifupi huivuta zaidi, kwa hiyo vitumie siku ya vipande tu, ukiwa umeshavizoea kwa mbio fupi nyepesi.

Saa yangu inasema mapigo yangu ya juu kabisa ni 156. Kwenye vipande nafika 168. Nimevuka mpaka?

Saa imetoa umri wako, 64, kutoka 220. Hesabu hiyo huwapunja watu wazima. Nyingine hutumia 208 ukitoa saba ya kumi ya umri, nayo inakupa 163. Hata hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kutofautiana nayo kwa mapigo 10 au zaidi akiwa mzima kabisa. Kwenye vipande vya mita 400 ongozwa na pumzi: uweze kutamka maneno mawili matatu, na kipande cha mwisho ukimalize ukijua ungeweza kuongeza kimoja. Joto la pwani nalo hupandisha mapigo kwa kasi ileile, kwa hiyo usilinganishe alfajiri ya Moshi na saa nne asubuhi ya Dar es Salaam.

Mimi ni mama wa miaka 61. Je, kuna mazoezi ya nguvu ninayopaswa kuongeza, na ninywe unga wa protini kama vijana wa jimu?

Nguvu ni lazima, mama, na kwako hata zaidi, maana baada ya hedhi kukoma misuli na mifupa hupungua kwa kasi. Ifanye jioni ya Siku ya 1 na ya 5, yaani siku zilezile zilizokwisha kuwa ngumu, ili siku ya mapumziko ibaki mapumziko. Jiinue kwa vidole ukiwa na goti lililonyooka, seti 3 za mara 12, kisha goti likiwa limekunjwa, idadi ileile. Zikiwa rahisi, beba begi mgongoni lenye kilo 5 za mchele. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka kwenye kiti, seti 3 za mara 8, ukishuka kwa kuhesabu hadi tatu.

Unga si lazima. Unahitaji kiasi cha gramu 0.4 za protini kwa kila kilo ya uzito katika kila mlo. Kwa mtu wa kilo 65 ni gramu 26. Tatizo la wengi ni asubuhi: chai na maandazi mawili baada ya vipande havifikii hata nusu. Mayai mawili, glasi ya maziwa na nusu kikombe cha maharage vinakufikisha. Dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko hata nyama kwa uzito uleule, wala hawana bei kubwa.

Yule mzee wa Kanada aliyekimbia marathoni chini ya saa 3 akiwa na zaidi ya miaka 70, hakufanya vipande. Kwa nini sisi tuvifanye?

Ed Whitlock alikimbia saa 2, dakika 54 na sekunde 48 mjini Toronto mwaka 2004, akiwa na miaka 73. Mazoezi yake mengi yalikuwa masaa marefu ya mwendo wa polepole makaburini karibu na kwake. Lakini alishiriki mashindano mengi mafupi, na hayo ndiyo yalikuwa vipande vyake. Hata kwako, shindano ni siku ngumu, lihesabu hivyo. Baada ya kilomita 10 za mashindano, acha siku 10 bila zoezi kali. Baada ya nusu marathoni, wiki tatu.

Natumia dawa za presha, na mguu ukiuma nameza diklofenaki nikimbie. Kuna shida?

Zipo mbili. Kama dawa yako ya presha ni atenololi au nyingine ya kundi lake, hushusha mapigo ya moyo, hivyo namba za saa hazikufai, tumia pumzi. Usiiache wala kuipunguza bila daktari. Diklofenaki nayo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ukikimbia umepungukiwa maji, na inaficha maumivu ambayo yangekuzuia kuchanika.

Kuna na dawa ya tatu ambayo wachache huiulizia: siprofloksasini, ile antibiotiki inayotolewa kwa tumbo na njia ya mkojo. Yeye na ndugu zake huweza kudhoofisha kano ya kisigino hata ikakatika, na hatari ni kubwa zaidi baada ya miaka 60, hasa kwa anayetumia pia dawa za steroidi. Mwambie daktari kwamba unakimbia kabla hajaiandika. Ukishaitumia, vipande na milima visubiri wiki kadhaa, na maumivu yoyote juu ya kisigino yakupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kifua kikibana, ukizimia, au pumzi ikikukatika kwa kasi iliyokuwa rahisi mwezi uliopita, simama palepale na uende ukapimwe moyo kabla ya Siku ya 1 nyingine.